Kipande cha Baba: skripti ya mahojiano niliyomwandikia mwandishi ambaye hayupo

Nimekaa nyuma ya maiki miaka mingi hapa Tanga na saivi kazi yangu kubwa ni kuwafundisha vijana wanaoanza utangazaji, na katika vitu vyote ninavyowafundisha hakuna kinachowatoa jasho kama kumhoji mwandishi wa riwaya. Mwanasiasa atasema tu hata usipomuuliza, msanii wa muziki utapiga wimbo wake mambo yaende, lakini mwandishi amekuja na kitabu ambacho msikilizaji hajakisoma na pengine hata hatakiona dukani. Sasa mnaongelea nini?

Kwa hiyo nikakaa nikaandika skripti ya mazoezi. Mwandishi nimemtunga, nimempa jina la Bi Mwanakombo, na riwaya yake nayo nimeitunga, inaitwa Kipande cha Baba, inahusu familia ya mkata mkonge. Niliogopa kutumia mwandishi wa kweli kwa sababu vijana wangeenda kusikiliza mahojiano yake ya zamani wakaiga maswali. Mwandishi ambaye hayupo huwezi kumuiga, inabidi ufikiri.

Kwanini mkonge? Kwa sababu babu yangu mzaa mama alitoka Buha kuja kukata mkonge huku, alikuwa manamba, na hilo neno lenyewe limetokana na namba, mtu akishaandikwa kwenye kambi alijulikana kwa namba yake kabla ya jina lake. Na manamba walikuwa na kadi ya kazi iliyoitwa kipande. Ina miraba 30, ukimaliza kazi ya siku unawekewa alama kwenye mraba mmoja, na hizo siku 30 ulitakiwa uzimalize ndani ya siku 42. Mshahara ulikuja kipande kikijaa. Kwenye riwaya yangu ya kutunga baba anafariki, binti yake anafungua sanduku anakuta kipande cha zamani kina alama 29. Mraba mmoja uko mtupu. Basi, kitabu kizima kinaenda kutafuta hiyo siku moja.

Skripti inaanza hivi, nawawekea kama ilivyo:

MTANGAZAJI: Kuna kadi moja ngumu, ina miraba thelathini. Ukifanya kazi siku moja, unawekewa alama kwenye mraba mmoja. Ishirini na tisa ina alama. Mmoja hauna. Leo niko na mwandishi aliyeandika kitabu kizima kwa ajili ya huo mraba mmoja. Bi Mwanakombo, karibu sana.

BI MWANAKOMBO: Ahsante mwanangu, nimekaribia.

MTANGAZAJI: Hiyo kadi, mara ya kwanza uliiona wapi?

Angalieni ambacho hakipo hapo. Hakuna "mpenzi msikilizaji leo tunaye mgeni maalum ambaye ni mwandishi mahiri". Hakuna wasifu wake, alizaliwa wapi akasoma wapi. Na hakuna lile swali ambalo kila kijana analiweka la kwanza, "kitabu chako kinahusu nini?"

Hilo swali nalifahamu vizuri kwa sababu na mimi niliwahi kuliuliza hewani. Ilikuwa zamani, kituo nilichokuwa nafanyia kazi wakati huo nitakiacha bila jina, mgeni aliletwa studio nusu saa kabla ya kipindi, kitabu nilipewa mkononi pale pale mlangoni. Nikasoma jalada la nyuma. Nikamuuliza kinahusu nini, yule mama akaanza kueleza kuanzia sura ya kwanza, akaenda ya pili, ya tatu, na mimi sikuwa na pa kumkatia kwa sababu sikujua anaelekea wapi. Zilipita dakika kumi na moja. Nilipopata mwanya nikamuuliza kuhusu mhusika mmoja ambaye jina lake nililiona kwenye jalada, akanijibu kwa upole kabisa, "yule anafariki mwisho wa kitabu." Nikawa nimewaharibia wasikilizaji wote hadithi, na nimemharibia na yeye soko. Alipotoka alinishukuru. Hiyo shukrani yake iliniuma kuliko angenigombeza.

Mwandishi ukimuuliza kinahusu nini unamlazimisha afupishe kitu ambacho alihitaji kurasa mia mbili kukisema. Atakupa muhtasari, na muhtasari redioni hauna picha. Lakini ukimuuliza kuhusu kitu kimoja kinachoshikika, kadi, sanduku, mlango, anaanza kukumbuka badala ya kufupisha, na sauti yenyewe inabadilika, utaisikia kwenye hedifoni. Sasa msikieni anavyojibu:

BI MWANAKOMBO: Niliiona kwa jirani yetu Muheza. Mzee mmoja alikuwa ameiweka kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na sindano na nyuzi. Nilikuwa mdogo, nikadhani ni karata. Nikamwambia, babu tucheze. Akaninyang'anya. Hajawahi kunigombeza maisha yake yote, lakini siku ile alininyang'anya.

Mtangazaji aliyelala atarukia swali la pili kwenye karatasi. Aliye macho atauliza "kwanini alikunyang'anya?" Hilo swali sijaliandika kwenye skripti, makusudi. Nimeacha mstari mtupu. Kwenye mazoezi, zaidi ya nusu ya vijana wanaupita ule mstari kama hauna maana.

Kuhusu uandishi wenyewe wa skripti naomba niseme kidogo maana watu wengi hukosea hapa. Maneno ya kufungulia na ya kufungia andika kamili, neno kwa neno, kwa sababu hapo ndo moyo unaenda mbio na hapo ndo ulimi unateleza. Maswali ya katikati usiyaandike kamili. Andika neno moja au mawili, "kadi – wapi", "asubuhi shambani", "mama – kimya". Ukiliandika swali kamili utalisoma, na msikilizaji anajua mtu anaposoma, hata mgeni anajua, anakuangalia kichwa umekiinamisha kwenye karatasi anaona haongei na mtu. Hapa nawawekea maswali kamili ili msomaji wa blogu anielewe tu. Namba nazo kwenye skripti naandika kwa maneno, sio 1949 bali elfu moja mia tisa arobaini na tisa, kwa sababu macho yakikutana na tarakimu ghafla ulimi unasimama, na kile kisimamo kinasikika.

Sasa moyo wa kipindi. Kwenye nusu saa, ukitoa jingo la kufungulia, matangazo na wimbo wa katikati, unabaki na dakika kama 22 za kuongea. Ndani ya hizo lazima mwandishi asome kipande cha kitabu chake mwenyewe, lazima, na mimi mahojiano yote nayajenga kuzunguka huo usomaji. Nimejipima na saa mara nyingi, nikisoma Kiswahili kwa utulivu nafika maneno kama 110 kwa dakika. Kwa hiyo dakika moja ya usomaji ni aya moja nene hivi, na dakika mbili ndo mwisho, ikizidi hapo msikilizaji aliyeko jikoni ameshawaza vitunguu vyake.

Nani anachagua kipande? Mwachie mwandishi na atachagua ukurasa anaoupenda, ambao mara nyingi ni ule wenye maelezo marefu ya mandhari au wenye watu wanne wanaoongea kwa wakati mmoja. Redioni watu wanne ni balaa, sauti ni moja, msikilizaji hajui nani kasema nini. Mimi nachagua nikiwa nimeshakisoma kitabu, natafuta sehemu yenye watu wawili tu, isiyohitaji kuelezwa nyuma kulikuwa na nini, na inayoishia kwenye kitu ambacho hakijajibiwa. Alafu nampigia mwandishi siku moja kabla tunakubaliana. Nampigia pia ili nijue jina lake linatamkwaje, hilo usilikisie hata siku moja.

Na karatasi! Usimwache asome kwenye kitabu chenyewe, kitabu kinajikunja, anakishika kwa mikono miwili, kinamziba mdomo, anainamisha kichwa sauti inaenda mezani. Ichapishe ile aya kwa herufi kubwa, upande mmoja tu wa karatasi, bila kubana pini, ili akimaliza ukurasa ausogeze pembeni na sio kuufunua, maana ule mfunuo wa karatasi kwenye maiki unasikika kama bati linaburutwa. Maiki ikae umbali wa shubiri moja na mdomo, imeinamishwa pembeni kidogo isitazamane na mdomo moja kwa moja, la sivyo kila "p" na "b" itapasuka, na kwenye kitabu chenye neno "baba" kila mstari utajuta.

BI MWANAKOMBO (anasoma): Mama alifungua sanduku la bati siku ya tatu baada ya matanga. Ndani mlikuwa na shuka, wembe, na kadi ngumu iliyokatika pembe moja. Nikahesabu miraba. Kila mraba ulikuwa na alama ya wino, mmoja baada ya mwingine, kama nyayo za mtu anayepanda mlima. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Wa thelathini ulikuwa mweupe. Nikamuuliza mama, siku hii moja baba alikwenda wapi? Mama akafunga sanduku. Akasema, nenda kachote maji.

Hapo kwenye skripti nimeandika kwa herufi kubwa: NYAMAZA. SEKUNDE TATU. Vijana wanaiogopa sana hiyo. Wanasema redio haitakiwi kunyamaza, kimya ni kosa. Kimya cha mtambo kukatika ni kosa, ndio. Lakini kimya cha baada ya "nenda kachote maji" ni sehemu ya kitabu. Usiseme "aisee", usiseme "maneno mazito hayo". Hesabu moja, mbili, tatu, alafu:

MTANGAZAJI: Huyu mama anajua.

BI MWANAKOMBO: Anajua. Tena anajua zaidi ya alichokijua marehemu mwenyewe.

Hilo sio swali hata. Ni sentensi fupi inayomwonyesha mwandishi kwamba umesoma, na mwandishi akishajua umesoma anafunguka mwenyewe, hutahitaji kumvuta.

Baada ya hapo ndo naingiza mkonge wenyewe. Hapa pana mtego ambao nimeuweka kwa makusudi kabisa, Bi Mwanakombo amefanya utafiti mkubwa na mwandishi wa namna hiyo ana hamu ya kukuonyesha utafiti wake wote. Anaanza kueleza kwamba mkonge uliletwa na Mjerumani, Hindorf, mwaka 1893, miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ikapandwa Kikogwe kule Pangani ilikuwa 62 tu. Ni kweli na ni habari tamu, mimi mwenyewe kila nikipita barabara ya kwenda Muheza nikiona ile mistari ya mkonge nawaza kwamba yote hii chimbuko lake ni miche 62. Alafu anaendelea, mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000, alafu nyuzi za plastiki zikaingia sokoni bei ikaanguka, alafu mashamba yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha, mpaka mwishoni mwa miaka ya 90 tukawa tunaongelea tani kama 20,000. Ukimwacha anaendelea hivyo dakika tano, na kile kipande cha baba tumeshakisahau.

Mtangazaji afanye nini? Asimkate kwa kumwambia "turudi kwenye kitabu", hiyo ni kumwaibisha mtu mzima hewani. Achukue namba moja kati ya alizozisema aishushe mpaka kwa mtu mmoja:

MTANGAZAJI: Katika hizo tani zote Bi Mwanakombo, huyu baba wa kwenye kitabu, asubuhi yake inaanzaje?

BI MWANAKOMBO: Inaanza giza bado. Anatangulia shambani kabla jua halijawa kali kwa sababu jani la mkonge linachoma lenyewe na jua linachoma lenyewe. Kwanza unakata mwiba wa kwenye ncha, huo ukikuingia jichoni basi. Alafu unakata jani shinani, unahesabu, unafunga mzigo, unabeba mpaka kwenye reli ndogo, toroli linapeleka korona. Pale kwenye mashine ya korona ndo jani linasagwa linabaki singa, zile nyuzi zenyewe. Na yale maji yanayotoka yanawasha, yananuka. Mke wake kwenye kitabu anamjua kwa harufu kabla hajabisha hodi.

MTANGAZAJI: Na singa inayopatikana ni kiasi gani?

BI MWANAKOMBO: Kidogo mno. Ukichukua jani la kilo moja, singa yake ni gramu kama arobaini hivi. Vilivyobaki vyote ni maji na makapi. Nilipolijua hilo nikasema, huyu baba na yeye ndivyo alivyofanywa.

Ile "kiasi gani" ni swali dogo la kijinga kabisa, sio? Lakini angalieni lilichozaa. Ningemuuliza "unataka kutuambia nini kuhusu unyonyaji wa wafanyakazi wakati wa ukoloni" angenipa hotuba. Swali la kiasi, la rangi, la harufu, la saa ngapi, ndo linampeleka mwandishi mahali ambapo yeye mwenyewe anashtuka na alichokisema.

Katikati ya kipindi usisahau kumtambulisha upya. Mtu kafungua redio dakika ya 14, anamsikia mama anaongelea harufu ya korona, hajui ni mtaalamu wa kilimo au nani. Mstari mmoja tu unatosha, "kama ndo unajiunga nasi, niko na Bi Mwanakombo, mwandishi wa riwaya ya Kipande cha Baba", na hapo hapo unataja kinapatikana wapi na bei yake, kwa sababu mwisho wa kipindi watu wanakuwa wameshainuka.

Kuna swali ambalo haliepukiki, kila msikilizaji analo kichwani: haya ni maisha yako mwenyewe? Vijana wanaliuliza hivyo hivyo, na mwandishi anajibu "hapana, ni hadithi ya kubuni", mlango umefungwa. Mwingine unamuumiza kabisa, maana ni kama unamwambia hakutunga, amenakili. Mimi kwenye skripti nimeligeuza:

MTANGAZAJI: Kuna kitu gani humo ndani umekiazima kwa watu wa kwenu?

BI MWANAKOMBO: Sauti ya mama. Yale maneno, nenda kachote maji, mama yangu alikuwa anayasema kila akiulizwa jambo asilotaka kulijibu. Nyumba yetu maji hayakuwahi kukosekana.

Na mwisho kabisa, mtego wa pili. Bi Mwanakombo amechangamka, amekuamini, anaanza: "sasa ile siku ya thelathini, kumbe baba alikuwa ameenda..." Mtangazaji ana nusu sekunde. Mimi nimeandika akate hapo hapo, na hapa kukata ni heshima, kwa sababu unamlinda yeye na msomaji wake:

MTANGAZAJI: Hapo hapo mama yangu, tupaache hapo hapo. Hiyo siku tuikute wenyewe kwenye kitabu.

BI MWANAKOMBO: (anacheka) Umenikamata.

Na kicheko kile usikifunike na wimbo haraka haraka, kiache kiishe chenyewe ndo upandishe muziki taratibu.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunaifanyia mazoezi hapa kwangu sebuleni, tumefunga madirisha, tumetandika blanketi mezani ili sauti isirudi, mimi nacheza Bi Mwanakombo na kijana mmoja ndo mtangazaji. Alikuwa anaenda vizuri. Nimesoma ile aya, amenyamaza sekunde zake tatu, alafu badala ya kusema "huyu mama anajua" akaniangalia akauliza kitu ambacho hakipo popote kwenye karatasi:

"Na hicho kipande saivi kiko wapi?"

Nikasahau kwamba naigiza. Nikamjibu ya kweli, kwamba cha babu yangu kiko kwa mama, Muheza, amekifunga kwenye nailoni pamoja na hati ya kiwanja, na wino umefifia kiasi kwamba inabidi ukielekeze dirishani ndo uone alama. Akaniuliza miraba yote imejaa? Nikamwambia sijawahi kuhesabu.

Lile swali lake nimeshaliingiza kwenye skripti, limekaa baada ya usomaji, juu ya ule mstari wangu. Na Jumamosi naenda Muheza.